Uzi: Kuhariri picha bila kugusa asili. Nitatenguaje hatua moja tu miaka mingi baadaye?

Kipimo_cha_Mwanga · Jumanne, saa 2:14 usiku

Wakuu, habari za jioni. Natumia darktable kwenye Linux. Nina picha ya biharusi, `DSC_0412.NEF`, iliyohaririwa mwaka 2021. Mwanga uliongezwa, vipele vya usoni vikasafishwa, picha ikageuzwa nyeusi na nyeupe, mwisho ikakatwa pembeni. Sasa mwenyewe anaitaka ya rangi, ila uso ubaki safi na mkato ubaki palepale.

Shida ni kwamba kwenye orodha ya historia, hatua ya nyeusi na nyeupe iko katikati. Nikibonyeza hatua iliyo chini yake rangi inarudi, lakini mkato unapotea. Je, ndiyo kusema nianze upya kuikata? Mkato wenyewe utarudika, lakini zipo picha nyingine 60 za siku hiyo zenye kazi kubwa zaidi ya hii.

Swali la pili: kuanzia sasa nipange vipi mafaili ili hata mwaka 2035 mtu aweze kuondoa jambo moja bila kubomoa mengine?

---

JepegiMia · saa 2:31

Hizi programu za historia zitakusumbua bure. Kila hatua toa JPEG ya ubora 100 uihifadhi kwa jina lake: hatua1, hatua2, hatua3. Ubora 100 haupotezi kitu. Ukitaka kurudi unafungua ile ya hatua uliyoitaka, basi.

---

Chumba_Giza · saa 2:58

Mkuu Kipimo, kabla ya yote: usiguse kitu ukiwa umebonyeza hatua ya chini kwenye historia. Kubonyeza peke yake hakuna madhara, unaweza kurudi juu. Lakini ukishabadilisha kipimo chochote ukiwa hapo chini, hatua zote zilizo juu yake zinafutwa. Hapo ndipo watu wengi wanapopoteza kazi, kisha wanalaumu programu.

Halafu jibu lenyewe: huhitaji kurudi nyuma hata kidogo. Orodha ya historia inaonyesha mpangilio ambao *wewe* ulifanya mambo. Picha haikokotolewi kwa mpangilio huo. darktable ina foleni yake ya moduli, na kila moduli inakaa mahali pake kwenye foleni hiyo bila kujali uliiwasha asubuhi au jioni. Kwa hiyo unachofanya ni hiki: bonyeza hatua ya juu kabisa, nenda kwenye moduli iliyoleta nyeusi na nyeupe, izime. Mkato unabaki, usafi wa uso unabaki. Kuzima huko kunaandikwa kama hatua mpya juu ya orodha, kwa hiyo nako kunatenguka.

Uliigeuza kwa moduli gani? Jibu hili kwanza, maana kuna mtego.

Na JepegiMia, kaka, ubora 100 unapunguza upotevu, hauufuti. Tena upotevu mkubwa haupo hata kwenye mgandamizo. NEF ya biti 14 ikigeuzwa JPEG inakuwa ya biti 8, mizani ya rangi inagandishwa ndani, na anga lililoungua ambalo faili ghafi lingeweza kuliokoa limeshakuwa jeupe tupu. Zaidi ya hapo, njia yako haijibu alichouliza. Hatua3 yako ina nyeusi na nyeupe *na* mkato kwa pamoja. Utaondoaje kimoja?

---

Kipimo_cha_Mwanga · saa 3:10

Nimekagua. Ni `color calibration`. Na hiyohiyo ndiyo ninaiona inashughulikia mizani ya rangi.

---

Chumba_Giza · saa 3:27

Ndio mtego wenyewe. Ukiizima moduli yote, nyeusi na nyeupe inaondoka, lakini na urekebishaji wa rangi ya taa unaondoka nayo. Biharusi atatoka wa manjano au wa bluu kutegemea ukumbi ulivyokuwa na taa gani, nawe utadhani faili limeharibika.

Usiizime. Ifungue, nenda kwenye kichupo cha `gray`. Utakuta vipimo vitatu, vya nyekundu, kijani na bluu, ambavyo kimojawapo au vyote vina namba. Virudishe vyote kwenye sifuri. Vikiwa sifuri vyote, moduli haigeuzi kuwa kijivu tena, na kichupo cha `CAT` kinaendelea na kazi yake ya mizani ya rangi.

Kwa picha za mbele, ukitaka nyeusi na nyeupe ongeza *nakala ya pili* ya moduli hiyohiyo, uipe jina, mfano "nyeusi-nyeupe", na uitumie kwa kijivu tu. Ya kwanza ishughulike na taa. Hapo mwaka wowote mtu atakayekuja anazima moja bila kugusa nyingine. Ukiangalia vizuri, hilo ndilo jibu la swali lako la pili kwa sehemu kubwa: jambo moja, moduli moja, jina moja.

---

Kipimo_cha_Mwanga · saa 3:41

Imekubali! Rangi imerudi, mkato upo. Na uso umebaki safi kwa rangi sahihi, hakuna alama za kijivu pale nilipofuta vipele. Hapo kidogo sijaelewa, kwa sababu nakumbuka nilisafisha uso huku natazama picha ya nyeusi na nyeupe.

---

Chumba_Giza · saa 3:52

Kwa sababu ya ile foleni. Moduli ya `retouch` iko mapema, kabla hata ya `exposure`, na `color calibration` inakuja baadaye. Wewe ulikuwa *unaona* kijivu, lakini ngozi iliyochukuliwa na kubandikwa ilikuwa ya rangi muda wote.

---

mama_wa_skana · saa 4:05

Samahani wenye uzi, mimi yangu ni tofauti kidogo. Nina picha ya zamani ya harusi ya wazazi, niliiskani nikaipunguza mikwaruzo kwenye simu. Programu ya simu ikahifadhi juu ya ileile. Sasa uso wa baba umelainishwa kama plastiki. Inaweza kurudishwa ilivyokuwa?

---

Karibu_Studio · saa 4:11

Dada, kuna programu za kurejesha mafaili yaliyofutwa kwenye memori kadi. Usipige picha nyingine kwenye hiyo kadi, itoe kwenye simu uichomeke kwenye kompyuta.

---

Bi_Tabaka · saa 4:36

Karibu_Studio, nadhani hakufuta faili, amelihifadhi upya juu ya lilelile. Kurejesha kunaweza kufanikiwa ikiwa programu iliandika faili jipya kisha ikafuta la zamani, lakini kwenye hifadhi ya ndani ya simu matumaini ni madogo. Mama, kwanza angalia kama programu ile ina kitufe cha kurudi kwenye picha ya awali. Baadhi huficha nakala. Kama haina, na ile picha ya karatasi bado unayo, iskani tena. Hiyo ndiyo asili ya kweli, skani ni nakala tu.

Ukirudia, usiskani kwa JPEG. Picha ya sentimita 10 kwa 15 ukiiskani kwa dpi 600 unapata kama pikseli 2,360 kwa 3,540. Kwa TIFF ya rangi ya biti 16 hiyo ni kama megabaiti 50, kwa biti 8 ni nusu yake. Kwa picha chache za familia si mzigo. Ipe jina, mfano `harusi_asili.tif`, na faili hilo lisifunguliwe tena isipokuwa kwa kunakiliwa.

Halafu mikwaruzo ifutie kwenye GIMP juu ya *tabaka tupu*, si juu ya skani yenyewe. Tengeneza tabaka jipya lisilo na kitu juu ya skani, chagua zana ya kubandika, `Clone`, washa `Sample merged`, kisha fanya kazi ukiwa umesimama kwenye lile tabaka tupu. Zana inachukua ngozi kutoka kwenye skani lakini inaibandika kwenye tabaka lako. Ukiona baadaye kwamba jicho umeliharibu, unafuta pale tu kwa kifutio na skani iliyo chini inajitokeza.

Na hapa ndipo lile la alama za kijivu alilogusia Kipimo linapotokea kweli. GIMP haina foleni kama ya darktable. `Sample merged` inachukua *kinachoonekana*. Ukiwa umeweka tabaka la kugeuza picha nyeusi na nyeupe huku juu, kisha ukasafisha mikwaruzo, vipande vilivyobandikwa vinakuwa vya kijivu kabisa. Leo huoni tatizo. Miaka mitano baadaye unazima lile tabaka ili uone kahawia ya zamani ya karatasi, na uso mzima una viraka vya kijivu kama chokaa. Tabaka zote ulizihifadhi, hakuna ulichofuta, na bado huwezi kutengua.

Dawa: zima matabaka yote ya rangi na mwanga *kabla* ya kusafisha, safisha, kisha yawashe. Na tabaka la usafi likae moja kwa moja juu ya skani, chini ya yote ya rangi.

---

mama_wa_skana · saa 4:49

Karatasi ninayo. Asante sana. Kwa hiyo nyeusi na nyeupe naiweka vipi isiwe ya kudumu?

---

Bi_Tabaka · saa 5:02

Tabaka jipya juu ya yote, lijaze rangi nyeusi, kisha badilisha aina ya mchanganyiko wake kuwa `LCh Color`. Mwanga unabaki wa picha, rangi inachukuliwa ya tabaka, na nyeusi haina rangi, kwa hiyo yote inakuwa ya kijivu. Ukibonyeza jicho la tabaka, rangi inarudi. Hii inafanya kazi hata kwenye GIMP 2.10. Kwenye GIMP 3.0 iliyotoka mwaka 2025 unaweza pia kuweka vichujio vinavyobaki vikirekebishika kwenye tabaka, lakini faili la namna hiyo usitarajie lifunguke sawasawa kwenye 2.10 ya mtu mwingine. Kama unamtumia ndugu yako mwenye kompyuta ya zamani, njia ya tabaka jeusi ni salama zaidi.

Hifadhi kama XCF. JPEG iwe ya kutuma WhatsApp tu.

---

Kataloga · Jumatano, saa 1:20 asubuhi

Mimi ni mtu wa Lightroom Classic na ninashangaa mnavyohangaika. Lightroom haigusi asili kamwe. Washa kuandika XMP, yaani faili dogo la maelekezo, na historia yote inakaa pembeni ya picha. Nakili folda kwenye diski mbili, umemaliza. Miaka 10 baadaye unafungua na hatua zote zipo.

---

Chumba_Giza · saa 1:55

Kataloga, nusu ya hayo ni kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoumiza.

XMP ya Lightroom inabeba *hali ya mwisho* ya vipimo: mwanga kiasi gani, mkato wapi, na kadhalika. Orodha ya hatua haimo. Nakala pepe hazimo. Hizo zinakaa kwenye katalogi, faili la `.lrcat`. Ukinakili folda ya picha na XMP zake bila katalogi, utaweza kurudi kwenye faili ghafi na utaweza kuendelea kutoka hali ya mwisho, lakini yale majaribio ya katikati na ile nakala pepe ya rangi uliyoiweka pembeni vimekwenda.

Na kuandika XMP kwenyewe hakuji kumewashwa. Ni `Catalog Settings`, kichupo cha `Metadata`, au uchague picha ubonyeze Ctrl+S. Nakala za katalogi ambazo programu inakuuliza ukifunga nazo zinawekwa, usipobadilisha, kwenye folda ya `Backups` pembeni ya katalogi yenyewe, yaani kwenye diski ileile. Na ndani yake hakuna picha hata moja.

Kuhusu "haigusi asili kamwe": kwa NEF za kawaida ni sawa, pikseli haziguswi. Ila kwa JPEG, TIFF na DNG hakuna faili la pembeni, maelezo yanaandikwa *ndani* ya faili. Na kuna chaguo kwenye mipangilio hiyohiyo linaloruhusu mabadiliko ya tarehe kuandikwa ndani ya faili ghafi. Picha haiharibiki, lakini faili si lilelile baiti kwa baiti. Kwa anayelinda asili kwa hashi, yaani alama inayokokotolewa kutoka kwenye baiti za faili, hilo lina maana, nitalieleza chini.

---

Kataloga · saa 2:08

Nakala pepe hilo sikulijua, nakiri. Lakini basi mtu ahifadhi `.lrcat` pia na mambo yaishe.

---

Chumba_Giza · saa 2:40

Sawa kabisa, ahifadhi. Ila naona tunachanganya mambo matatu ambayo yote watu wanayaita "kutengua", na kila moja linataka kitu chake.

La kwanza ni kurudi kwenye picha ilivyotoka kamerani. Linataka faili ghafi peke yake. Hili ni rahisi, na ndilo pekee ambalo programu zote zinaliahidi.

La pili ni kuondoa jambo moja na kubakiza mengine, ndilo la Kipimo. Linataka faili ghafi, faili la maelekezo, *na programu inayoelewa maelekezo hayo*. Kwenye XMP ya darktable kila hatua ina jina la moduli, namba ya toleo la moduli, na vipimo vilivyosimbwa kwa herufi zisizosomeka na mtu. Bila darktable ni maandishi tu. Bahati nzuri watengenezaji wake wana desturi ya kuacha moduli za zamani ndani ya programu. Zinaondolewa kwenye orodha ya kazi mpya, lakini ukifungua picha iliyozitumia zinajitokeza. Kwa hiyo Kipimo, ukiona `crop and rotate` kwenye picha ya 2021 na kwenye picha mpya haipo, usishtuke.

La tatu ni kupata *matokeo yaleyale* uliyompa mteja. Hili linataka zaidi, kwa sababu maelekezo yanaweza kutegemea vitu vilivyo nje yake. Mfano mkubwa ni moduli ya `lut 3D`. XMP inaandika njia ya faili la rangi, labda `harusi/joto.cube`, haiandiki yaliyomo. Ukibadilisha kompyuta ukasahau folda ya LUT, picha inafunguka na rangi tofauti. Lightroom nayo ina ugonjwa huohuo kwa wasifu wa kamera uliotengenezwa na mtu: faili la DCP lisipokuwepo, inakuambia wasifu haupo. Marekebisho ya lenzi pia yanategemea hazina ya vipimo vya lenzi iliyosakinishwa kwenye mashine.

Kwa sababu hiyo kila kazi iliyokwisha naiwekea kwenye folda yake TIFF au JPEG nzuri ya mwisho, pamoja na nakala ya kila `.cube` iliyotumika. Ile picha ya mwisho si ya kuhariria. Ni shahidi, ya kulinganishia tu.

---

Kipimo_cha_Mwanga · saa 3:05

Naomba mfano wa kulinganisha. Nitajuaje kama toleo jipya la darktable bado linaisoma picha ya 2021 sawasawa bila kuhatarisha kazi ya 2021 yenyewe?

---

Chumba_Giza · saa 3:33

Funga darktable. Nakili faili ghafi na XMP yake kwenye folda ya majaribio, kisha:

```
mkdir ~/jaribio
cp DSC_0412.NEF DSC_0412.NEF.xmp ~/jaribio/
cd ~/jaribio
darktable-cli DSC_0412.NEF DSC_0412.NEF.xmp sasa.tif
```

Fungua `sasa.tif` kwenye GIMP, weka juu yake ile picha ya mwisho ya 2021 kama tabaka, na ubadilishe mchanganyiko kuwa `Difference`. Zikilingana utaona nyeusi. Ukiona vumbi hafifu kila mahali, ni tofauti ndogo za ukokotoaji au mgandamizo wa JPEG, achana nazo. Ukiona mistari kwenye kingo za kila kitu, mara nyingi ni ukubwa, mkato au lenzi vimesogea. Ukiona eneo zima limewaka kwa rangi moja, tafuta LUT au mizani ya rangi. Hakikisha tu picha zote mbili zimetolewa kwa ukubwa uleule, la sivyo unalinganisha embe na chungwa.

Fanya hivyo kwa picha tatu nne kila unapopanda toleo, kabla ya kufungua maktaba yako halisi kwa toleo jipya. Maana `library.db` ikishapandishwa, toleo la zamani halitaifungua tena. Inakili kwanza. Ipo `~/.config/darktable`, pamoja na `data.db`.

---

git_na_picha · saa 4:17

Nyongeza. XMP za darktable ni maandishi na ni ndogo mno zikilinganishwa na NEF. Zinafaa kabisa kuwekwa kwenye git, NEF zikiachwa nje. Endesha `git init` kwenye folda ya picha, kisha weka hii kwenye `.gitignore`:

```
*
!*/
!*.xmp
!.gitignore
```

Kisha kila unapomaliza kipindi cha kazi:

```
git add .
git commit -m "0412: kabla ya kubana historia"
```

Kinachookolewa hapa ni makosa mawili. Moja ni `compress history`, ambayo watu wanaibonyeza wakidhani inapunguza ukubwa wa faili. Inachofanya ni kubakiza hali ya mwisho na kutupa hatua za kati. La pili ni lile la kugusa kipimo ukiwa chini ya historia. Kama XMP ya jana ipo, unairudisha:

```
git checkout HEAD -- DSC_0412.NEF.xmp
```

Lakini angalieni, kurudisha faili kwenye diski hakutoshi. darktable inaamini hazina yake ya ndani kuliko faili, na ukiigusa picha itaandika XMP upya juu ya hiyo uliyorudisha. Baada ya kurudisha, chagua picha hiyo na utumie `load sidecar file`. Au washa `look for updated XMP files on startup` kisha uifungue programu upya.

---

Bi_Tabaka · saa 4:40

Hilo la git ni zuri ila wapiga picha wangapi watalifanya? Nakala ndani ya darktable yenyewe inatosha wengi. Kabla ya jaribio lolote, bonyeza `duplicate` kwenye `duplicate manager`. Inazaa `DSC_0412_01.NEF.xmp`, faili ghafi linabaki moja. Jaribio likikataa, unaifuta nakala.

Tena hii inaziba pengo ambalo historia haiwezi. Ukivuta kipimo cha mwanga mara kumi mfululizo bila kugusa moduli nyingine, darktable inahesabu hatua *moja*. Thamani ya mara ya nne haipo popote. Kama ilikuwa thamani uliyoipenda, ungeiweka kwenye nakala.

---

Karibu_Studio · saa 5:12

Swali la kijinga labda. Nikibadilisha majina ya picha kwenye folda, kutoka `DSC_0412.NEF` kuwa `Harusi_001.NEF`, uhariri unaenda wapi?

---

Chumba_Giza · saa 5:30

Si la kijinga, ni moja ya sababu kubwa za watu kuja hapa wakisema uhariri umefutika. Ukibadilisha jina nje ya programu, hazina bado inatafuta DSC_0412, na darktable itakuonyesha fuvu badala ya picha. Ukiingiza Harusi_001 upya inaingia kama picha mpya isiyohaririwa, kwa sababu XMP yake bado inaitwa `DSC_0412.NEF.xmp`. Ukihamisha picha, zihamishe *ndani* ya programu. Kama umeshabadilisha jina nje, ipe XMP jina linalolingana, `Harusi_001.NEF.xmp`, kabla ya kuiingiza.

Sasa la hashi nililoahidi. Siku ya kuhamisha picha kutoka kwenye kadi, kabla ya kuhariri:

```
sha256sum *.NEF > asili.sha256
chmod a-w *.NEF
```

Na kila mwaka, au kila unapohamia diski mpya:

```
sha256sum -c --quiet asili.sha256
```

Isipoandika kitu, yote yako sawa. Ikiandika `DSC_0412.NEF: FAILED`, usiifute papo hapo. Angalia kwanza kama tarehe ya kubadilishwa kwa faili imesogea. Ikiwa imesogea, kuna programu iliyoandika ndani yake, pengine marekebisho ya saa ya kamera, na picha yenyewe huenda ni nzima. Ikiwa tarehe ni ileile ya 2021 lakini hashi imebadilika, hapo shuku diski, chukua nakala ya diski ya pili na uchunguze diski hiyo nzima.

Mambo mawili kuhusu `chmod`. Inazuia kuandikiwa juu, haizuii kufutwa, kwa sababu kufuta kunategemea ruhusa za folda. Na kwenye diski ya nje yenye exFAT haisaidii, mfumo huo hauhifadhi ruhusa hizo. Wa Windows watumie `attrib +R *.NEF`, hiyo exFAT inaikubali.

---

Kataloga · saa 7:02 mchana

Basi kwa mantiki hii DNG ni bora. Geuza NEF zote kuwa DNG, maelekezo yanakaa ndani, faili moja, hakuna la pembeni la kupotea.

---

Bi_Tabaka · saa 7:25

Mimi nasema kinyume. Maelekezo yakikaa ndani ya faili, basi kila unapohariri na kuhifadhi unaandika ndani ya asili yako. Hashi inabadilika kila wiki na huwezi tena kujua kama ni wewe au ni diski mbovu. Faili la pembeni likiharibika umepoteza kurasa chache za maandishi. Faili moja likikatika katikati ya kuandikwa umepoteza vyote.

---

Chumba_Giza · saa 7:51

Hapa mimi siko upande wowote kikamilifu. DNG ina muundo uliochapishwa wazi, na kamera za leo zitakapokuwa hazikumbukwi hilo linaweza kuwa na uzito. Lakini usitupe NEF baada ya kugeuza. Na ukiamua DNG, iache ya kusomwa tu na uhariri kwa programu inayoandika pembeni. darktable inafanya hivyo hata kwa DNG na JPEG.

---

Kataloga · saa 8:03

Kuweka zote mbili ni karibu mara mbili ya diski. Kwa harusi moja ya picha 1,500 za megabaiti 25 hadi 30, hizo ni gigabaiti 40 kabla ya DNG. Nani analipia?

---

git_na_picha · saa 8:10

Mteja 😄

---

Kipimo_cha_Mwanga · saa 1:46 usiku

Nimeendesha `darktable-cli` kwa zile picha nyingine 60 na kuzilinganisha na zile nilizotoa 2021. 57 ni nyeusi kabisa kwenye `Difference` ukiacha vumbi. Tatu zimewaka rangi ya chungwa picha nzima. Nimezifungua, zote zina `lut 3D`, na folda ya `.cube` ilibaki kwenye kompyuta ya zamani ambayo haiwaki. Diski yake ninayo, naitafutia waya wa SATA kesho. Kuna anayejua kama jina la faili linasomeka ndani ya XMP, ili nijue natafuta lipi?

---

Chumba_Giza · saa 2:20

Usilitafute ndani ya XMP, limesimbwa. Fungua picha kwenye darktable uangalie moduli yenyewe ya `lut 3D` inaonyesha njia gani. Ukilipata, lirudishe kwenye folda ndogo ya jina *lilelile* chini ya folda kuu ya LUT uliyoweka kwenye mipangilio. Ukiliweka mahali pengine hata kama ni faili lenyewe hasa, halitaonekana. Kisha endesha `darktable-cli` tena kwa hizo tatu tu.